Masurufu ya Kudha yamo katika hesabu gani?

Leo nataka tuzungumze juu ya hesabu moja inayowatatiza watu wengi, na hata baadhi ya wanaoisoma kwenye taarifa za habari. Ukizitazama takwimu zinazotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Somalia, utakuta kwamba matumizi ya kaya peke yake, yaani mchele, sukari, nguo, karo, dawa na kadhalika, yanapita thamani ya kila kitu kinachozalishwa nchini kwa mwaka mzima. Nchi inakula kuliko inavyozalisha. Mtu akisikia hivyo husema bila shaka pana makosa, au nchi nzima inaishi kwa madeni.

Takwimu hizo ziko sawa, na deni si jibu. Jibu unaweza kuliona vizuri zaidi ukiwa Kudha kuliko ukiwa Mogadishu. Kudha, kwa asiyepajua, ni moja ya visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kisimayu, katika ule mlolongo wa visiwa unaoshuka kuelekea Ras Kiamboni: Koyama, Chovai, Chula, na vinginevyo. Watu wake ni wavuvi. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 wengi walikimbia kwa mashua mpaka Kenya. Baadhi yao waliishi miaka kadhaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, wengine wakarejea visiwani, na wengine wakafika Uingereza na kubaki huko. Kwa hiyo nyumba nyingi za visiwani leo zina mtu baharini, mtu Mombasa, na mtu Ulaya. Nyumba ya namna hiyo inatosha kutufundisha tofauti kati ya pato la ndani na pato la taifa.

Kwanza tukubaliane juu ya majina, maana redioni mara nyingi hutajwa "pato la taifa" pale inapokusudiwa ile hesabu nyingine. Pato la ndani ni thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka mmoja, bila kuuliza mzalishaji ni nani. Pato la taifa linauliza swali tofauti: wakaazi wa nchi hii wamepata kiasi gani kutokana na kazi yao na mali yao, popote pale kazi ilipofanyika au mali ilipowekezwa? Kutoka la kwanza kwenda la pili unaongeza mishahara na faida ambazo wakaazi wako wamezipata kutoka nje, kisha unatoa mishahara na faida ambazo watu wa nje wamezipata kwako. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wakisikia "kutoka nje" fikira zao huenda moja kwa moja kwenye fedha anazotuma kijana aliye ughaibuni.

Sasa tuingie kwenye nyumba. Ni nyumba ya mfano, na tarakimu zake nimezichagua mimi ili zijumlishike kirahisi. Ina ndugu watatu na mama yao.

Ndugu mkubwa ni mvuvi. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, anazamia kamba mawe na kutega nyavu, anaweka mzigo wake kwenye barafu na kuupeleka Kisimayu kwa tajiri wa samaki. Kwa mwaka mzima, ukijumlisha alichouza na samaki walioliwa nyumbani, maana hata hao huhesabiwa kwa bei ya soko, mzigo wake una thamani ya dola 3,000. Lakini alinunua petroli ya mashine, barafu, nyuzi na maboya, vyote kwa dola 1,000. Kinachoingia kwenye pato la ndani la Somalia kutokana na mashua yake ni ile tofauti, dola 2,000. Petroli haimo, kwa kuwa ni thamani iliyotengenezwa na mtu mwingine, na kwa hapa kwetu ilitengenezwa nchi nyingine kabisa.

Mashine ile ya mashua hakuinunua peke yake. Ana mshirika anayeishi Mombasa, aliyetoa sehemu ya mtaji, na kila mwaka humtolea fungu lake la faida. Mwaka huu limekuwa dola 400. Fedha hizo zimezalishwa katika maji ya Somalia, kwa hiyo zimo ndani ya zile 2,000 za pato la ndani. Lakini aliyezipata ni mkaazi wa Kenya. Unapohesabu pato la taifa la Somalia, unazitoa.

Ndugu wa pili hupenda kusafiri msimu wa kusi. Upepo ukishika na mawimbi yakawa makubwa, kazi ya kisiwani hupungua, naye huenda Mombasa kufanya kibarua katika ghala la kusafishia samaki. Hukaa miezi minne, mshahara dola 250 kwa mwezi, jumla 1,000, kisha hurudi Kudha. Samaki aliowasafisha ni sehemu ya pato la ndani la Kenya. Yeye mwenyewe, kwa vile nyumba yake, mkewe na maisha yake viko Kudha, na kule alikaa miezi minne tu, anabaki mkaazi wa Somalia. Kwa hiyo mshahara wake wote wa dola 1,000 unaingia kwenye pato la taifa la Somalia, hata kama nusu aliila hukohuko Mombasa kwa kodi ya chumba na chakula. Alichokitumia kule huandikwa pengine, kama matumizi ya msafiri.

Ndugu wa tatu yuko Uingereza, mwaka wa kumi na tano sasa. Anafanya kazi, analipa kodi ya serikali na kodi ya nyumba, watoto wake wanasoma huko. Kila mwezi, bila kukosa, anamtumia mama yake dola 200. Kwa mwaka ni dola 2,400, nazo ni nyingi kuliko zile dola 2,000 zinazobaki kwenye mashua baada ya gharama. Mama akiulizwa nani anaiweka nyumba, atamtaja huyu.

Je, dola 2,400 hizo ziko katika pato la ndani la Somalia? Hapana, kwa kuwa kazi haikufanyika Somalia. Ziko katika pato la taifa la Somalia? Jibu ni hapana pia, na hili ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Ndugu wa tatu, kwa mtakwimu, si mkaazi wa Somalia. Amekaa Uingereza zaidi ya mwaka na kitovu cha maisha yake ya kiuchumi kiko huko. Mshahara wake ni pato la ndani la Uingereza, na ni pato la taifa la Uingereza vilevile. Anapomtumia mama yake, hamlipi kwa kazi wala kwa mtaji. Anampa. Na fedha za kupeana baina ya mkaazi wa nchi moja na mkaazi wa nchi nyingine haziguswi mpaka hesabu ya tatu, ambayo magazeti hayaitaji kamwe: pato la taifa la kutumika. Unachukua pato la taifa, unaongeza misaada na masurufu yaliyopokewa kutoka nje, unatoa yaliyopelekwa nje, na hilo ndilo lililo mikononi mwa watu kulitumia au kuliweka akiba.

Tujumlishe. Pato la ndani la nyumba hii: 2,000. Pato la taifa: 2,000, ongeza 1,000 za kibarua wa Mombasa, toa 400 za mshirika, unapata 2,600. Pato la kutumika: 2,600 ongeza 2,400, unapata 5,000. Nyumba ni ileile, mwaka ni uleule, na hakuna tarakimu hata moja kati ya hizo tatu iliyo ya uongo. Sasa unaona jinsi nyumba inavyoweza kutumia dola 4,500 huku pato lake la ndani likiwa 2,000, bila ya kukopa hata senti. Ukiikuza nyumba hiyo iwe nchi, ukaongeza na misaada ya nje inayokwenda kwa serikali na mashirika, umeipata Somalia.

Mtu anaweza kunikatiza hapa: vipi mshahara wa miezi minne ya Mombasa uwe pato la taifa letu, na jasho la miaka kumi na tano la mwanetu lisiwe? Swali ni la haki, na linauma. Lakini kanuni haiangalii pasipoti, wala kabila, wala mtu anapotaka kuzikwa. Inaangalia makazi, na kipimo chake cha kawaida ni mwaka mmoja. Kanuni hiyohiyo hufanya mambo ambayo ukiyaona kwa mara ya kwanza utayashangaa. Mkimbizi wa Kisomali aliyezaliwa Dadaab na hajawahi kuvuka mpaka ni mkaazi wa Kenya katika hesabu hizi, na kibanda chake cha chai kimo katika pato la ndani la Kenya. Mwanajeshi wa Kenya aliyeingia Kisimayu na jeshi lake mwaka 2012 akakaa kambini zaidi ya mwaka, yeye kanuni inamwacha mkaazi wa Kenya, kwa sababu wanajeshi na wanadiplomasia wametengwa na kipimo cha mwaka. Na Msomali anayelinda lango la ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Mogadishu, ambaye hajatoka nje ya mji, analipwa na mwajiri anayehesabika kuwa wa nje. Mshahara wake umo katika pato la taifa la Somalia lakini haumo katika pato lake la ndani. Mwanafunzi aliyekwenda kusoma nje, au mgonjwa aliyepelekwa kutibiwa, hubaki mkaazi wa kwao hata akikaa miaka.

Ukitaka kuona kanuni hii ikifanya kazi kwa nchi nzima, itazame Lesotho. Katika miaka ya 1980 zaidi ya wanaume 100,000 wa nchi ile ndogo walikuwa wakichimba dhahabu na makaa ya mawe Afrika Kusini. Walikwenda kwa mikataba, wakarudi, wakaenda tena, familia zikabaki Lesotho. Watakwimu wakawahesabu kuwa wakaazi wa Lesotho, na mishahara yao ikaingia katika pato la taifa, ambalo likalipita pato la ndani kwa mbali sana. Ukisoma vitabu vya uchumi vikitoa mfano wa nchi ambayo wafanyakazi wake wa nje wanalipandisha pato la taifa, mara nyingi utaikuta Lesotho. Ufilipino nayo huingiza mapato ya wengi wa wafanyakazi wake walio nje, mabaharia wakiwamo, katika pato la taifa, ndiyo maana pato hilo hulizidi pato la ndani kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Kisha mtu anachukua mfano wa Lesotho au Ufilipino, anauhamishia Somalia, na anakwambia kwamba pato la taifa la Somalia lazima litakuwa kubwa mno kuliko pato la ndani. Akizifungua hesabu anakuta namba mbili zinazokaribiana sana, na anadhani amedanganywa. Hakudanganywa. Wasomali wa nje waliondoka na familia na wakahamia, hawakwenda kwa mkataba wa miezi tisa.

Mfano wa karibu zaidi ni Kenya. Benki Kuu ya Kenya iliripoti kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani dola bilioni 4.94, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa kabla yake. Ungetarajia pato la taifa la Kenya lizidi pato la ndani. Kinyume chake, ni dogo kidogo. Sehemu kubwa ya bilioni hizo ni fedha za kupeana, kwa hiyo zinarukwa. Kinachobaki kwenye daraja ya kati ni riba ambayo Kenya inawalipa walioikopesha na faida ambayo makampuni ya nje yanaipeleka kwao, na hizo zinatoka nyingi kuliko zinavyoingia. Mtu akisimama jukwaani akasema fedha za ughaibuni "zinachangia" asilimia kadhaa ya pato la ndani, jua amechukua fedha zisizomo ndani ya pato lile akazigawanya kwa pato lile. Uwiano huo unafaa kwa kupimia ukubwa, kama unavyoweza kupima urefu wa mnazi kwa idadi ya miundi. Lakini hazimo ndani yake, na ukizitoa pato la ndani halitapungua kwa kiasi hicho.

Hata hivyo nisiwaache na dhana kwamba masurufu hayaligusi pato la ndani kabisa. Yanaligusa yanapotumika. Tuzifuate dola 100 za mama wa Kudha. Zinamfikia kwa simu, ujumbe unaingia, salio linapanda. Anamwagiza jamaa aliyeko Kisimayu amnunulie gunia la mchele, mafuta ya kupikia na sukari. Mchele umetoka Asia, mafuta na sukari vimetoka nje pia. Tuseme katika zile dola 100, dola 75 ni bei ambayo vitu vile viliingia nayo bandarini. Hizo ni uagizaji, zinatoka nchini kama zilivyoingia. Dola 25 zilizobaki ni ushuru, kazi ya wachukuzi, faida ya muuzaji wa jumla, faida ya mwenye duka, nauli ya mashua ya kupeleka kisiwani. Hizo ndizo zilizozalishwa Somalia, na ndizo zinazoingia kwenye pato la ndani, kwa majina ya biashara, usafiri na ushuru. Mama angenunua samaki wa jirani, karibu dola zote 100 zingebaki. Ndiyo sababu masurufu yanaweza kupanda mwaka hadi mwaka na pato la ndani likasogea kidogo tu: yanaingia kwa simu na kutoka kwa meli.

Na hapo kuna ugumu ambao watakwimu wa Somalia wanapambana nao kila mwaka. Fedha zile hasa hazisafiri. Kijana anatoa paundi kwa wakala wa hawala mjini London. Wakala wa Kisimayu anamlipa mama papo hapo kutoka kwenye fedha alizonazo. Sasa ofisi ya London inadaiwa na ofisi ya Kisimayu, na deni hilo mara nyingi hulipwa kwa kumlipia mfanyabiashara wa Kisomali bidhaa zake Dubai. Mfanyabiashara naye anaikabidhi hawala dola zake Kisimayu, mchele unapakiwa Dubai, hesabu inafungwa. Ukikaa bandarini unaona mchele tu. Ukikaa benki huoni kitu. Benki Kuu ya Somalia hupata taarifa kutoka kwa hawala na makampuni ya fedha za simu yenye leseni, lakini dola zinazobebwa mfukoni na mtu anayekuja likizo, au simu na nguo zinazoletwa ndani ya masanduku, hupita kando. Makadirio ya masurufu yanayoingia Somalia kwa miaka mingi yamekuwa kati ya bilioni moja na mbili za dola kwa mwaka. Pengo kubwa namna hiyo si uzembe wa mtu, ni tabia ya njia yenyewe.

Njia hiyo ikizibwa, athari huonekana kwanza katika hesabu ya tatu, ile isiyotajwa. Novemba 2001 Marekani ilipoifungia Al-Barakaat, iliyokuwa hawala kubwa kuliko zote za Kisomali, hakuna mvuvi wa visiwani aliyepungukiwa na kamba hata mmoja. Februari 2015 benki moja ya California iliyokuwa ikiwahudumia wengi wa watumaji wa Marekani ilipofunga akaunti za hawala, na Aprili mwaka huohuo Kenya ilipozisimamisha hawala 13 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, bahari haikubadilika. Anayetazama pato la ndani peke yake angesema hakuna kilichotokea, mpaka maduka yalipoanza kukosa wateja. Mama aliyezoea dola 200 alijua mwezi uleule.

Liko jambo moja zaidi linalowahusu mlioko nje na mnaojenga nyumbani. Ndugu wa tatu akimtumia mama fedha za chakula, hilo ni masurufu. Akituma dola 20,000 ajenge nyumba ya kupangisha Kisimayu, hilo si masurufu, ni uwekezaji kutoka nje, na halimo katika pato lolote kati ya haya matatu. Kazi ya mafundi na wauza mchanga itaingia katika pato la ndani la mwaka wa ujenzi. Nyumba ikishakamilika na wapangaji wakaingia, kodi itaingia pato la ndani kila mwaka. Lakini maadamu mwenyewe bado ni mkaazi wa Uingereza, kodi ile inatolewa unapohesabu pato la taifa, sawa na lile fungu la mshirika wa Mombasa, hata kama kodi yenyewe haikutoka Kisimayu na mama ndiye anayeila. Itaandikwa imekwenda kwake kama faida, kisha imerudi kwa mama kama masurufu. Kwa karatasi, mtoto wa Kudha ni mwekezaji wa kigeni. Siku akirudi kuishi, kodi ileile inakuwa pato la taifa bila tofali moja kuongezwa. Wakala wa hawala kwa kawaida hapati nafasi ya kuuliza kama dola zile ni za tofali au za unga, kwa hiyo mengi ya haya huchanganyika katika namba moja.

Mtauliza, namba ipi hutumiwa na wakubwa? Benki ya Dunia huzipanga nchi kwa pato la taifa kwa kila mtu. Kwa hesabu za mwaka 2023, nchi yenye dola 1,145 au chini ya hapo iliwekwa daraja ya chini kabisa, na Somalia imo humo. Daraja hiyo ina uzito katika aina ya mikopo na misaada ambayo nchi hupewa. Kwa kuwa masurufu hayamo katika pato la taifa, ukarimu wa watoto wa nje hauipandishi Somalia daraja. Mimi naona hilo ni sawa. Masurufu yanajaza sahani, lakini hayajengi gati la Kudha, wala hayaipi serikali kodi ya mshahara, wala hayarithiwi: kizazi kilichozaliwa Ulaya hakijui jina la bibi wa shangazi yao. Lakini anayetaka kujua kama watu wa visiwani walishiba mwaka huu asiishie kwenye pato la ndani wala pato la taifa. Azitafute hesabu za urari wa malipo, aende kwenye mistari miwili. Mmoja huitwa mapato ya msingi, ndiyo mishahara ya muda na faida, na ndio unaotenganisha pato la ndani na pato la taifa. Wa pili huitwa mapato ya pili, ndiyo misaada na masurufu. Na akiikuta takwimu ya Benki ya Dunia ya "fedha zinazotumwa na watu binafsi", akumbuke kwamba ndani yake wamejumlisha mishahara ya kibarua wa Mombasa na masurufu ya ndugu wa Uingereza. Akiiongeza yote juu ya pato la taifa, atakuwa amemhesabu kibarua mara mbili.

Nimalizie na huyo kibarua, maana hali yake inabadilika. Tarehe 4 Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo itifaki yake ya soko la pamoja inazungumzia haki ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Kwa Mbajuni, mwenye jamaa Kiunga, Faza na Mombasa, mpaka wa Ras Kiamboni haujawahi kuwa mwisho wa dunia. Tuseme ndugu wa pili akapata kibali, ghala likampa kazi ya mwaka mzima, akamchukua mkewe. Mshahara wake unapanda kutoka dola 1,000 mpaka dola 3,000, naye anamtumia mama dola 1,000 kwa mwaka. Mwaka huo pato la taifa la nyumba ya Kudha litashuka kutoka 2,600 mpaka 1,600, na pato la kutumika litabaki 5,000 kama lilivyokuwa, huku midomo miwili ikiwa imepungua mezani.